MBILI BAADA, TATU KABLA



Ndugu yangu, dada yangu, leo naomba tukae kidogo kwenye jambo ambalo ukilisikia utasema, "Hili si la watoto wa chekechea?" Kunawa mikono kwa sabuni. Najua. Na mimi nilikuwa naliona hivyo hivyo, tena nikiwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Tanga, napita nyumba kwa nyumba na kadi zenye picha ya bomba na kipande cha sabuni. Watu wananisikiliza, wananipa chai, naondoka nimeridhika. Mpaka ugonjwa ulipoingia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Jumapili usiku alianza kuharisha maji matupu. Kufika alfajiri macho yameingia ndani, analia bila machozi, na ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu kama nguo iliyokunjwa. Dalili hizo nazifundisha mimi. Tulimkimbiza zahanati, akapewa maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko, na vidonge vya zinki vya kuendelea navyo nyumbani. Alhamdulillah, alipona. Lakini yule sista aliyetuhudumia ananifahamu, na wakati anakoroga ile pakiti ya maji akaniuliza kwa upole, bila kuniangalia: "Ustadh, nyumbani mnanawa vipi?"

Nikamjibu kwa haraka, hata kwa kujivuna kidogo: "Sista, sisi ni watu wa udhu. Mara tano kwa siku."

Akasema, "Udhu naujua, na mimi naswali. Nakuuliza sabuni."

Ndugu yangu, swali lile nililibeba mpaka nyumbani. Nikakaa barazani, nikaanza kuifuatilia mikono yangu mwenyewe tangu Ijumaa iliyopita, saa kwa saa, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Naomba unifuate.

Ijumaa ile niliingia chooni msikitini kabla ya khutba. Nikastanji kwa maji na mkono wa kushoto, kama sote tunavyofanya. Nilipotaka kuongeza maji kwenye kopo, nilifungua koki kwa mkono ule ule wa kushoto. Nikatoka, nikaenda kwenye bomba la udhu. Koki ya hapo nayo nimeifungua kwa mkono, nikatawadha vizuri, mara tatu tatu, maji yakapita baina ya vidole, kisha nikaifunga koki ile ile niliyoifungua kabla sijatawadha. Na kabla yangu walikuwa wamepita watu arobaini, kila mmoja ametoka alikotoka mimi.

Baada ya swala nikapeana mikono na watu wasiopungua ishirini. Nikaokota kobazi zangu kwa mkono. Nikanunua machungwa, nikatoa noti, nikapokea chenji. Nikapanda bodaboda. Nikafika nyumbani, mama watoto ameshapakua, wali na mchuzi wa samaki. Mtoto akanikimbilia kwa zile hatua zake za kuyumba. Nikamweka pajani, nikaponda samaki kwa vidole kutoa miiba, nikafinyanga tonge dogo, nikamtia mdomoni.

Mikono yangu ilikuwa na udhu. Hilo halina shaka, na ningesimama nikaswali Alasiri kwa udhu ule ule. Kupeana mikono hakutengui udhu, wala kushika pesa, wala kushika kobazi. Lakini nilikuwa nimechanganya mambo mawili: nilidhani kwa kuwa udhu wangu upo, basi mikono yangu ni salama kwa mdomo wa mtoto.

Sikwambii kwamba nina uhakika kuwa tonge lile ndilo lililomwangusha. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa kitu alichookota uani. Mtoto wa umri ule anatia mdomoni dunia nzima. Ninalojua ni kwamba njia niliipa mimi, ikawa wazi.

Hapa tuelewane vizuri, maana wapo watakaoona nadharau ibada. Hukumu ya tohara tuliyosomeshwa inaangalia vitu tunavyoweza kuvitambua. Najisi ikiondoka, rangi yake, harufu yake na ladha yake, mahali pale pametoharika. Huo ni wepesi ambao Mwenyezi Mungu ametupa, vinginevyo nani angeweza kuswali? Lakini vijidudu vya kuharisha havina rangi wala harufu. Mkono unaweza kuwa tohara kabisa kwa ajili ya swala na bado umebeba kitu kinachomuumiza mtoto. Tohara ina masharti yake, na tumbo la mtoto lina masharti yake. Udhu unatosha kwa kazi yake. Usiupe kazi ya sabuni.

Na wala hili si geni katika dini yetu. Katika mapokezi ya Bi Maymuna, radhi za Allah ziwe juu yake, yanayoeleza namna Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akioga janaba, imepokewa kwamba baada ya kuosha sehemu za siri aliusugua mkono wake ardhini au ukutani, kisha akauosha. Maji yalikuwepo, lakini aliusugua kwanza. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba ni vizuri kuusugua mkono baada ya kustanji ili harufu iondoke. Sisi leo tuna kitu bora zaidi cha kusugulia kuliko ukuta, kinauzwa dukani, na tunakipita. (Na tafadhali usiende kuchota udongo wa uani ukasema unafuata mafundisho haya. Udongo wa uani petu unapita kuku, mbuzi na watoto, na mna mayai ya minyoo. Ukikosa sabuni kabisa, jivu safi la jikoni ni afadhali kuliko udongo.)

Sasa kwa nini maji peke yake hayatoshi? Dada yangu, wewe hili unalijua kuliko mimi. Chukua sinia lililoliwa pilau, lina mafuta yameganda. Limwagie maji ya bomba, lisugue kwa mkono. Punje za wali zitaondoka, lakini ukipitisha kidole bado linateleza. Ngozi ya mkono nayo ina mafuta yake ya asili, na uchafu unajishika kwenye mafuta yale. Maji na mafuta hayapatani, kwa hiyo maji yanapita juu. Sabuni ina pande mbili, upande mmoja unashika mafuta na upande mwingine unashika maji. Ukisugua, sabuni inayavuta mafuta na vilivyomo, halafu maji yanapokuja yanavichukua vyote kwenda navyo. Kazi kubwa ni kuondoa, hata pale ambapo vijidudu havikufa. Ndiyo maana kusugua ni lazima, na kusuuza ni lazima.

Kuna utafiti mmoja wa London uliochapishwa mwaka 2011 ambao naupenda kwa sababu hata bibi yangu ameushika kichwani. Watu walijitolea kushika vitasa na vyuma vya kushikilia katika maeneo ya umma, kwa makusudi. Kisha wengine hawakunawa, wengine wakanawa kwa maji tu, wengine kwa maji na sabuni ya kawaida. Wakapimwa mikono kutafuta vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi. Kwa wasionawa, vilionekana katika vipimo 44 kwa kila 100. Kwa walionawa maji tu, 23. Kwa walionawa sabuni, 8.

Arobaini na nne, ishirini na tatu, nane. Ona kwamba maji hayakuwa bure, yamepunguza karibu nusu. Kwa hiyo ukikosa sabuni usiache kunawa. Lakini tofauti ya ishirini na tatu na nane ndiyo ile niliyoikosa mimi Ijumaa ile.

Ukisema hao ni watu wa London, nenda Karachi, mji wa watu wenye adhana na udhu kama sisi. Huko watafiti walichukua vitongoji vya watu masikini, wakawapa baadhi ya familia sabuni na kuwatembelea kila wiki kwa mwaka mzima kuwahimiza kunawa. Matokeo yalitoka mwaka 2005 katika jarida la Lancet. Watoto wa chini ya miaka kumi na mitano katika nyumba zile waliugua kuharisha kwa kiasi cha nusu tu ukilinganisha na majirani wasiopewa, na kwa wale wa chini ya miaka mitano nimonia nayo ilipungua kwa nusu. Familia nyingine zilipewa sabuni ya kawaida na nyingine ile inayosemwa inaua vijidudu. Hazikutofautiana. Kwa hiyo acha kusubiri sabuni ya bei kubwa yenye tangazo. Sabuni ya mche, ile unayokata kipande ukafulia, inatosha.

Turudi kwenye mikono. Utaniuliza, "Basi ninawe sabuni mara ngapi kwa siku?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalikosea. Ukinawa saa mbili asubuhi kisha ukafagia, ukatoka nje, ukashika pesa, mikono imeshachafuka tena muda mfupi tu baadaye. Hesabu ya mara ngapi haikusaidii. Kinachosaidia ni wakati wenyewe. Nakupa wakati tano, uhesabu kwa vidole vyako, na uzishike kwa maneno manne: mbili baada, tatu kabla.

Mbili baada: baada ya kutoka chooni, na baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia. Tatu kabla: kabla ya kuandaa chakula, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto, pamoja na kumnyonyesha.

Zile mbili zinazuia uchafu usiingie nyumbani. Zile tatu zinauzuia usifike mdomoni. Ukikosa ya kwanza, ya pili inakuokoa.

Katika hizo tano, iliyoachwa zaidi katika nyumba ninazopita ni ya pili, kumsafisha mtoto. Kina mama wananiambia, "Huyu bado ananyonya, choo chake hakina neno." Wengine hata wananitajia masuala ya fiqhi. Ngoja niseme wazi. Wepesi tuliousoma ni katika mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajaanza kula chakula, kwamba unanyunyiziwa maji. Ni mkojo, si choo. Choo cha mtoto ni najisi kama cha mkubwa, na kwa upande wa afya kinaweza kuwa kibaya kuliko cha mkubwa, kwa sababu watoto wadogo ndio wanaougua kuharisha zaidi, na mtoto huendelea kutoa vijidudu hata siku kadhaa baada ya kuonekana amepona. Mama anamsafisha kwa maji kwenye karai, anasuuza mkono, anajifuta kwenye khanga, anarudi kukanda unga. Hapo khanga nayo imeingia kwenye hesabu, maana atajifutia tena baadaye mikono ikiwa safi.

Nyumbani kwetu nilikaa kimya asubuhi moja nikaangalia. Mama watoto hakuwa mvivu hata kidogo. Tatizo lilikuwa sabuni. Sabuni ya nyumba nzima ilikaa juu ya dirisha la bafu. Mtoto anasafishwa uani. Chakula kinapikwa ukumbini nyuma. Kutoka jikoni mpaka ile sabuni nilihesabu hatua kumi na saba, na njiani kuna mlango wa kusukuma. Nani, ameshika mtoto mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, ataenda hatua kumi na saba mara nane kwa asubuhi moja? Hapo sikutoa mawaidha. Nilinyanyuka.

Nilikata mche wa sabuni vipande vitatu. Kimoja bafuni, kimoja uani anaposafishwa mtoto, kimoja mlango wa jikoni. Cha uani nilikitia ndani ya soksi kuukuu nikakifunga kwa kamba msumarini, kwa sababu sabuni iliyoachwa chini uani kunguru hawaikopeshi. Kwenye mlango wa jikoni nikatengeneza kibuyu chirizi. Unachukua dumu la lita tano, unalitoboa tundu moja kwa msumari wa moto upande wa juu, chini kidogo ya shingo, mkabala na mkono wa kushikia. Unalining'iniza kwenye kijiti kilichopita kwenye mkono wake, kisha unafunga kamba shingoni mpaka kwenye kijiti kingine kilicho chini kabisa, cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Faida yake si maji kidogo tu. Hakuna koki. Hakuna kitu ulichokishika kabla ya kunawa ukalazimika kukishika tena baada ya kunawa. Ndipo nilipoikumbuka ile koki ya msikitini. Kwenye koki ya kawaida, isabuni pamoja na mikono yako uimwagie maji, au uifunge kwa kiwiko kama ni ya wenzo.

Kama sabuni ya kipande inaisha haraka au inaibwa, kuna njia nyingine. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia gramu 30 za sabuni ya unga, kama vijiko vitatu vya chakula, jaza maji, tikisa. Toboa kifuniko tundu dogo. Unaminya kidogo tu kiganjani. Iandike chupa, uiweke mbali na watoto wasije wakainywa.

Kunawa kwenyewe: lowesha, paka sabuni, sugua viganja, nyuma ya mikono, baina ya vidole kama unavyofanya kwenye udhu, vidole gumba, na ncha za kucha kwa kuzikwaruza kwenye kiganja. Pete ivue au isogeze. Hesabu moja mpaka ishirini bila haraka, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Kuna wanaofundisha upime muda kwa kusoma sura fupi. Mimi sipendi, kwa sababu masinki mengi yamo humo humo chooni, na si mahali pa kusoma. Hesabu namba, zinatosha. Kisha ipunge mikono ikauke kwa hewa, au tumia kitambaa safi cha kazi hiyo tu. Khanga iache.

Je, tangu hapo mtoto hajaharisha tena? Aliharisha, mara moja, mwezi wa tatu yake, tulipoishiwa maji ya bomba tukachota kisimani bila kuchemsha. Sabuni haisafishi maji ya kunywa, wala haizuii nzi. Hiyo ni mada nyingine, inshaAllah nitaiandika.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sote tunaokula pamoja. Angalia hitma zetu na harusi zetu. Watu wanakaa duara, sinia moja, mikono sita. Kabla ya kula, inapitishwa bakuli moja ya maji, kila mtu anachovya vidole vyake, anampa wa pembeni. Wa sita anachovya maji ya watano waliotangulia. Kisha watu wanakula. Wakimaliza ndipo vijana wanakuja na jagi, besheni na sabuni ya kunukia, ili harufu ya nyama isibaki mkononi. Yaani sabuni yetu inalinda shati. Wakati sote tumesoma kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza anayeamka usingizini kutia mkono chomboni mpaka auoshe kwanza, kwa kuwa hajui ulilala wapi. Na mkono huu uliotoka kwenye bodaboda tunajua ulikuwa wapi?

Kwenye hitma ya jirani yetu niliomba vijana wa jikoni wanisaidie jambo dogo tu. Vijana wawili, mmoja ameshika jagi na sabuni, mwingine besheni la kupokea maji machafu, wapite kwa kila mtu kabla sinia halijawekwa chini. Mtu anapaka sabuni, anasugua, anamiminiwa. Hakuna kuchovya. Kwa watu karibu sitini walitumia ndoo mbili za maji na kipande kimoja cha sabuni.

Walipofika kwa mzee mmoja wetu, mtu mzima wa makamo ya babu zangu, aliitazama sabuni, akatazama mkekani pakavu, akatazama tena mlango wa jikoni. Akamwuliza kijana kwa masikitiko ya kweli:

"Mwanangu, kwani pilau imeshaisha?"

Kijana akamwambia, "Hapana babu, ndiyo inakuja."

Mzee akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha viganja vyote viwili. "Basi mimina," akasema, "na hiyo sabuni usiipeleke mbali."